Mlango mmoja na simu moja vinatosha: acheni kuwadanganya waimbaji wetu kuhusu klipi

Goma. Wasikilizaji wapenzi, na ninyi ndugu zetu wahami mnaotusomea kwenye simu za jirani, leo sina habari ya barabara wala ya bei ya makala. Leo nina hasira, na nitawaeleza sababu.

Binti mmoja alikuja kuniona mbele ya mlango wa redio. Alitoka Masisi na mama yake na wadogo zake wawili, wakakaa kambini, na kambi za kando ya muji zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025 wakahamia kwa shangazi, katika nyumba ya mbao upande wa Ndosho. Anashona nguo na anaimba. Hana prodyuza, hana mkataba na mtu yeyote. Wimbo wake ameurekodi vizuri katika studio ndogo, akalipa kidogokidogo. Kiitikio chake, wengine wanasema refre, kinaanza hivi: “Ufunguo ninao, mlango uko mbali.” Aliponiimbia pale kando ya barabara, mwanamotari aliyekuwa anasubiri mteja alizima moto wa pikipiki yake ili asikie.

Basi kilio chake ni nini? Mtu mmoja anayejiita mtengenezaji wa klipi alimuomba dola 250. Akamwambia wimbo bila klipi ni wimbo uliokufa, na klipi bila droni, bila gari la kukodi, bila hoteli kando ya ziwa na bila wasichana wanne wa kucheza si klipi. Binti akatoa avansi ya dola 80. Mwaka ule benki za Goma zilikuwa zimefunga milango na hata kuona noti ya dola 20 ilikuwa kazi. Yeye alikusanya 80 kwa sindano na uzi. Yule mtu alikuja siku moja, akampiga picha za video dakika 10, akasema zilizobaki zitafanyika pesa ikitimia. Hajarudi, na simu haishiki.

“Yaya,” binti akaniambia, “tangaza kwa redio kwamba natafuta mfadhili.”

Nikamjibu sitatangaza. Hahitaji mfadhili. Anahitaji mlango mmoja na simu moja, na vyote viwili vipo kwa shangazi yake.

Najua wapo watakaocheka, kwa hiyo nitaeleza hatua kwa hatua tulichofanya, ili mwenye kucheka acheke akiwa amejua.

Kwanza, kwa nini kiitikio peke yake? Kwa sababu ndicho watu wanachobeba. Kiitikio cha binti huyu kina mipigo 32, na wimbo unakwenda mipigo 90 kwa dakika. Piga hesabu: ni sekunde 21. Sekunde 21 zinaingia katika statasi ya WhatsApp bila kukatwa, na zinatumwa kwa mega chache ambazo hata muuza ndizi anaweza kuzilipa. Klipi ya dakika nne inataka mega ambazo watu wetu hawana. Kwa hiyo tukaamua: tunapiga video ya kiitikio mara tatu, basi.

Wazo lenyewe ni hili. Wahami wengi walikimbia na ufunguo. Mtu alifunga nyumba, akatia ufunguo mfukoni au kwenye fundo la kitenge, na mpaka leo anao, hata kama nyumba ilikwisha kuanguka. Katika kiitikio cha kwanza, binti ameketi kwenye kizingiti cha mlango uliofungwa, ana ufunguo mmoja mkononi, anaimba. Katika kiitikio cha pili, picha ni ileile, mahali ni palepale, lakini mikono ya watu inaingia kutoka pembeni na kuweka funguo kwenye benchi lililo mbele yake, mmoja baada ya mwingine. Katika kiitikio cha tatu, benchi limejaa funguo, sauti inaimba, lakini kizingiti ni kitupu. Binti hayupo. Mlango uko wazi kidogo.

Hakuna droni hapo wala gari. Lakini mwenye kutazama cha kwanza atataka cha pili, kwa sababu kuna kitu kinabadilika, na anayeona cha tatu atajiuliza huyu binti amekwenda wapi. Mwaka 1990 Sinéad O'Connor aliushika ulimwengu kwa video ambayo sehemu kubwa yake ni uso wake tu, karibu, akiimba. Studio iliyomlipia ilikuwa na pesa za kununulia magari mengi. Waliona uso unatosha.

Sasa tuje kwenye kazi.

Adui wa kwanza wa simu ni mwanga, na hapa Goma tuna shida yetu ya pekee: jiwe la volkano. Ardhi nyeusi, ukuta mweusi, mbao zimekolea moshi, na sisi wenyewe ni weusi. Simu ikiona weusi mwingi inadhani ni giza, inaongeza mwanga yenyewe, na uso wa mwimbaji unageuka kuwa wa kijivu na kung'aa kama umepakwa mafuta. Kinyume chake, ukiacha anga au shiti nyeupe iingie nyuma ya mtu, simu inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso unakuwa kivuli kisicho na macho. Ndiyo maana watu wanasema simu haifai. Simu inafaa, ila imeachwa iamue peke yake.

Dawa ni tatu. Ya kwanza ni kuchagua mlango. Asubuhi tafuta mlango unaotazama magharibi. Jua liko nyuma ya nyumba, mwimbaji yuko ndani ya kivuli cha nyumba, lakini mbele yake kuna anga kubwa lenye mwanga laini unaomfikia usoni bila kumkunjisha macho. Tulianza saa kumi na mbili na nusu, tukamaliza kabla ya saa tatu. Saa sita jua letu liko juu ya utosi, linatia mashimo meusi ndani ya macho ya kila mtu. Hiyo ni saa ya kula, si ya kupiga video. Ukipata nafasi jioni tu, geuza hesabu: tafuta mlango unaotazama mashariki.

Dawa ya pili ni mfuko mweupe wa unga. Kwa kuwa ardhi yetu nyeusi hairudishi mwanga, chini ya kidevu kunabaki giza. Tulipasua mfuko mmoja mweupe, tukautandaza chini mbele ya miguu ya binti, nje ya picha. Uso ukafunguka hapohapo. Shangazi aliyekuwa anatazama kwenye simu akasema, “Ee, sasa naona anaimba nini.”

Dawa ya tatu ni kufunga mwanga. Gusa uso wa mwimbaji kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole bila kuondoa. Kwa aifoni yataonekana maneno AE/AF LOCK; kwa simu nyingine nyingi utaona alama ndogo ya kufuli. Halafu telezesha kile kijua kidogo chini, mpaka rangi ya ngozi ifanane na unayoiona kwa macho. Tangu hapo simu haibadilishi tena, hata mkono wenye shati jeupe ukiingia. Na kabla ya yote, pangusa kioo cha kamera ya nyuma kwa kitambaa cha pamba. Nusu ya video zenye ukungu ninazoletewa redioni ni mafuta ya vidole tu.

Adui wa pili ni mkono unaotetemeka. Tulipanga bidoni mbili za lita 20 moja juu ya nyingine, zote zimejaa maji ili zisitikisike, tukaweka juu yake soksi iliyojazwa mchanga, na simu ikaegemea hapo, kioo cha kamera kikiwa sawa na kifua cha binti aliyeketi. Ilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hatukuvuta picha kwa vidole, maana kuvuta kwa vidole kunakata picha na kuiharibu. Ukitaka karibu, sogeza bidoni. Tulichora alama ya makaa kuzunguka bidoni, kwa sababu viitikio vitatu vinataka picha ileile kabisa. Mtoto akisukuma bidoni, unajua pa kuirudisha. Simu tuliiweka katika hali ya ndege, maana simu ikiita katikati ya kiitikio, video inaweza kukatika.

Kijana mmoja wa jirani alileta chukudu ili kamera ipande juu yake na kusogea taratibu kama sinema. Nilimkatalia kwa heshima. Chukudu kwenye mawe ya volkano linatikisa meno, sembuse kamera. Ukilipenda sana chukudu, liwe ndani ya picha. Kamera ibaki imetulia.

Adui wa tatu ni sauti, na hapa wengi wanaanguka. Sauti inayonaswa na simu si ya kutumia. Utaweka ile ya studio. Lakini mwimbaji lazima aimbe pamoja na wimbo ule ule, tunaita plebaki. Simu nyingi haziwezi kucheza wimbo na kupiga video kwa wakati mmoja, kwa hiyo unahitaji chombo cha pili. Tulitumia redio ndogo ya flashi. Iweke karibu na mwimbaji, nje ya picha. Redio ikiwa mbali mita 10, sauti inachelewa kumfikia karibu kwa kipande kimoja cha picha, kati ya vipande 30 vya kila sekunde. Si nyingi, lakini kwa nini uanze na kosa? Na mwimbaji aimbe kwa sauti, kweli kweli. Anayechezesha midomo tu anaonekana: shingo yake haifanyi kazi.

Kabla ya kila kipande, kamera ikiwa tayari inapiga, mtu mmoja alipiga kofi moja mbele ya kamera mara tu wimbo ulipoanza kwenye redio. Wimbo tuliuanzisha sekunde chache kabla ya kiitikio ili binti aingie akiwa amepata pumzi. Baadaye, katika montaji, tulitumia CapCut: unaweka wimbo wa studio, unaweka video juu yake, unasikiliza ule wimbo wa redio ulionaswa na simu na kuusogeza mpaka uanguke juu ya ule wa studio bila mwangwi. Lile kofi linakusaidia kuona mahali pa kuanzia. Halafu unazima sauti ya simu.

Utajuaje kama imekaa sawa? Tazama herufi m, b na p, maana hizo haziwezi kusemwa bila kufunga midomo. Katika kiitikio chetu kuna neno “mlango” na neno “mbali”. Simamisha video pale sikio linaposikia m. Midomo ikiwa wazi, video haijakaa. Sogeza kipande kimoja mbele au nyuma, tazama tena. Fanya hivyo mwanzo wa kiitikio na mwisho wake. Mwanzo ukiwa sawa na mwisho ukiwa umepotoka, basi wimbo uliochezwa siku ile si ule uliouweka. Huenda ni toleo la zamani lenye mwendo tofauti. Sisi lilitupata hilo. Binti alikuwa ameleta kwenye flashi wimbo wa kwanza, kabla studio haijaurekebisha. Tukarudia asubuhi iliyofuata, na hatukupoteza hata dola moja, kwa sababu hatukuwa tumekodi kitu.

Kwa jumla tulipiga vipande tisa, vitatu kwa kila kiitikio, nusu dakika kila kimoja. Katika ukubwa wa 1080p, simu nyingi zinakula megabaiti 100 hadi 150 kwa dakika moja, kwa hiyo angalia nafasi ya simu kabla ya kuanza. Ukimtumia rafiki afanye montaji, tuma kama dokima, si kama video ya kawaida ya WhatsApp, la sivyo itabanwa na ule usafi wote utapotea njiani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko dola 80.

Kuna mtindo hapa kwetu. Mwimbaji mwenye nguo safi anaenda mahali walipo wahami, anatembea katikati ya vibanda akiimba juu ya amani, watoto wanamfuata, kamera inamkuta mama anapika, inakaa kwenye uso wake, inamkuta mzee amelala, inaingia mpaka mlangoni. Hakuna aliyeombwa ruhusa. Klipi inatoka, watu wanaandika maneno ya huruma, na yule mama anabaki pale na uso wake umeenea. Nimewahi kupokea simu ya mama wa namna hiyo. Alikuwa amemkimbia mtu anayemtafuta, na sasa mtu yule alijua yuko wapi kwa sababu ya wimbo wa amani. Alihama tena. Mwimbaji hakujua, wala hakuuliza.

Kibanda cha mhami si pambo la klipi. Ni nyumba ya mtu.

Ndiyo maana tulichagua mikono, bila nyuso. Na hata kwa mikono tuliomba. Kila aliyekuja na ufunguo tulimwambia mambo matatu: wimbo unasema nini, video itawekwa wapi, na kwamba ikishatoka hatuna uwezo wa kuirudisha. Tukawaonyesha kipande kilichopigwa kabla hawajaenda. Mwanamke mmoja mwenye kovu mkononi aliona anatambulika, akasema hapana. Tukapiga kile kipande upya bila yeye, na hakuna aliyenuna. Tuliomba watu watoe vibati vyenye majina kwenye funguo, na tukazilaza zikifunikana, maana ufunguo uliolazwa peke yake mbele ya kamera, meno yake yote yakionekana, fundi mwenye nia mbaya anaweza kuuiga. Katika mipangilio ya kamera tulizima ile sehemu inayoandika mahali picha ilipopigwa. Na nyuma ya mlango hapaonekani barabara, mnara wala askari. Katika hali tuliyo nayo, mtu mwenye kamera hewani na mtu mwenye simu mbele ya mlango wa shangazi hawaulizwi maswali yaleyale. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nikatae droni.

Mama mmoja mzee wa Rutshuru alikataa kutoa ufunguo wake. Alisema hautoki kwenye kitenge chake mpaka ufungue. Badala yake alileta kufuli tupu, akaliweka kwenye benchi. Liko katika kiitikio cha pili, utaliona.

Wanaonipinga wanasema mambo mawili. La kwanza, kwamba televisheni haitapokea. Labda. Lakini huyu binti haimbii televisheni ambayo mama yake hana umeme wa kuiwasha. Anaimbia watu waliokaa wakisubiri zamu ya maji na simu mkononi. Tena mwaka 2015 filamu nzima ya Marekani, Tangerine, ilipigwa kwa aifoni na ikaingia kwenye kumbi za sinema, kwa hiyo simu haijamfungia mtu mlango.

La pili, kwamba ninawanyima vijana wa kamera riziki. Siwanyimi. Mpiga kamera anayejua kazi ni fundi, na kazi yake ina mahali pake. Ukitaka wachezaji kumi, ukitaka usiku, simu itakuangusha: usiku inajaza picha chembechembe kama mchanga. Hapo mlipe fundi, tena mlipe vizuri, na mwandikiane kwenye karatasi tarehe ya kumaliza na kiasi kinacholipwa kila hatua. Ninayempiga vita ni yule anayemwambia maskini kwamba bila gari la kukodi sauti yake haina thamani, kisha anakula avansi yake.

Na kwenu waimbaji, neno moja gumu. Wengine wenu mnadanganywa kwa sababu mnataka kudanganywa. Mnataka kuonekana ndani ya gari msilo nalo. Msikilizaji wenu anajua hamna gari. Amewaona mkipanda motari watu watatu. Lakini ufunguo mnao, na hilo pia analijua.

Kiitikio cha kwanza kilitoka Jumatatu jioni, cha pili Jumanne, cha tatu Jumatano. Alhamisi asubuhi binti alinipigia. Nilidhani ataniambia wangapi wametazama. Akaniambia mama yake ameketi kizingitini tangu alfajiri, na majirani wanapita mmojammoja, wanamuuliza kama zile funguo bado ziko pale, maana wao pia wanazo.